Pampu, tangi na bodi ya kuanzia: hesabu pini kabla ya kuhesabu pesa

Swali ambalo vijana wa mtaani huuliza sana wakianza kuchezea maikrokontrola ni fupi: ninunue bodi gani? Na jibu wanalopewa mara nyingi ni fupi vilevile. Mmoja atasema Arduino, mwengine atasema hiyo ni ya kizamani, chukua ESP32, ina waifai na kumbukumbu tele. Wa tatu ameona chipu ndogo ya miguu minane kwa bei ya kikombe cha chai na andazi, anashangaa kwa nini watu wapoteze pesa.

Wote watatu wanajibu swali ambalo halijaulizwa vizuri. Bodi haichaguliwi kabla ya kazi kujulikana. Kwa hivyo leo tuchukue kazi moja ambayo nyumba nyingi za hapa kwetu Pwani zinaihitaji, tuihesabu kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha tuone ni bodi gani inabaki mezani.

Kazi yenyewe ni hii. Maji ya mfereji huja kwa zamu, yakija huingia kwenye tangi la chini. Juu ya dari kuna tangi la lita 1,000. Katikati yao kuna pampu, na swichi ya pampu iko ukutani jikoni. Anayeisahau swichi hiyo usiku huamka maji yamemwagika paa zima. Anayeiwasha wakati tangi la chini ni tupu hupata hasara kubwa zaidi, kwa sababu pampu nyingi za nyumbani hutegemea maji yanayopita ndani yake kuipoza na kuilainisha sili. Ikizunguka kavu, sili huungua na maji huanza kuvuja kwenye shimo la mota. Tunataka kifaa kitakachowasha pampu tangi la juu likishuka hadi robo, kikizime likikaribia kujaa, na kisiiwashe kabisa iwapo chini hakuna maji.

Sasa chukua karatasi, uandike kila kitu kitakachounganishwa, na mbele yake idadi ya pini. Kujua maji yamefika wapi juu, tutatumia sensa ya sauti inayofungwa kwenye kifuniko: inapiga mlio usiosikika, mlio unagonga maji na kurudi, na muda wake unatupa umbali. Hiyo ni pini 2, moja ya kupiga na moja ya kusikiliza. Swichi ya boya kwenye tangi la chini ni pini 1. Rilei ya kuamrisha pampu ni pini 1. Kitufe cha kuwasha kwa mkono, 1. King'ora kidogo cha kutahadharisha, 1. Kioo cha maandishi cha mistari miwili kinaweza kula pini 6 kikiunganishwa moja kwa moja, lakini kikinunuliwa kikiwa na kile kibao kidogo cha I2C mgongoni, hutumia 2 tu. Jumla ni pini 8.

Nambari hiyo 8 tayari imeshafanya kazi kubwa. Ile chipu ya bei ya chai, ATtiny85, ina miguu 8 kweli, lakini miwili ni ya umeme na mmoja ni wa kuianzisha upya. Imebaki 5. Fundi mzoefu anaweza kubana, akaunganisha viwili kwenye pini moja kwa ujanja, lakini mradi wa kwanza si mahali pa ujanja huo. Tena chipu hiyo haina mlango wa USB wala njia yake ya kawaida ya kuzungumza na kompyuta. Utahitaji kifaa kingine cha kuitilia programu, na programu ikikosea huna njia rahisi ya kuiuliza "umeona nini?" Chipu ni rahisi, lakini kazi ya kuitumia si rahisi.

Arduino Uno, inayobeba chipu ya ATmega328P, ina pini 14 za kawaida na 6 za analogi ambazo nazo zaweza kutumika kama za kawaida. Jumla 20. Toa pini 0 na 1, ambazo ndizo njia ya kuzungumza na kompyuta, usiziguse. Toa pini 13 pia kwa kazi ya pampu, kwa sababu taa ya bodi imeunganishwa hapo na kila bodi inapoamka huimetesha mara chache. Ukifunga rilei kwenye pini hiyo, pampu nayo itashtuka kila stima ikirudi. Zimebaki 17, nasi twataka 8. Nafasi ipo.

Hapa ndipo wanaposhauri ESP huingilia kati. Bodi za NodeMCU zenye ESP8266 zina pini za kutosha ukihesabu juujuu. Tatizo ni kwamba pini haziko sawa zote. Zile zilizoandikwa D3, D4 na D8 hutazamwa na chipu wakati wa kuamka ili ijue iamke vipi. D3 ikiwa imeshikwa chini, yaani imeunganishwa na hasi, chipu hudhani unataka kuitilia programu mpya, ikakaa kusubiri. Sasa fikiria umefunga swichi ya boya kwenye D3, na boya hufunga mzunguko tangi la chini likiwa na maji. Mezani, boya likiwa limelala, kila kitu kinafanya kazi. Unapeleka nyumbani, kinafanya kazi siku mbili. Kisha stima inapotea usiku, inarudi alfajiri, tangi la chini limejaa, na bodi haiamki. Ukienda kuichomoa na kuikagua na boya likiwa limeshuka, inaamka vizuri. Mtu anaweza kubadilisha bodi tatu kabla ya kujua kosa ni la pini. Dalili yake ndiyo hiyo: kifaa kinachoamka mara nyingine na kukataa mara nyingine, kulingana na hali ya kitu kilichofungwa juu yake. ESP32 ina pini nyingi zaidi, lakini nayo ina chache za namna hiyo, pamoja na nyingine zinazoweza kusoma tu bila kuamrisha chochote. Si bodi mbaya. Lakini lazima usome mchoro wake wa pini kabla ya kulehemu waya wa kwanza.

Kuna jambo la volti pia. Uno hufanya kazi kwa volti 5. ESP zote mbili, na hata Raspberry Pi Pico, ni volti 3.3. Sensa ya sauti ya kawaida, HC-SR04, hutumia volti 5 na hurudisha jibu kwa volti 5. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye pini ya volti 3.3, unaibebesha mzigo isioagizwa. Dawa yake ni rezista mbili, ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2, zinazogawanya zile volti 5 ziwe 3.3 hivi. Si kazi kubwa, lakini ni waya zaidi, na kila waya kwa anayeanza ni mahali pa kukosea. Kwenye Uno, sensa hiyo huchomekwa hivyo hivyo.

Tuje kwenye kumbukumbu, ambapo watu hutishwa na tarakimu. Uno ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kufanyia kazi. ESP32 ina kilobaiti 520 za kufanyia kazi, Pico ina 264. Ukiziweka kando kwa kando, Uno huonekana kama mtumbwi karibu na meli. Lakini mtumbwi unatosha ukiwa unavuka mlango wa bahari tu.

Hesabu tunachohitaji kukumbuka: maji yako umbali gani, pampu imewashwa au la, imewashwa tangu lini, kitufe kimebonyezwa au la. Baiti ishirini, thelathini hivi. Tukitaka kuweka historia ya kiwango cha maji kila dakika 10 kwa siku nzima, ni vipimo 144, na kila kimoja kikichukua baiti 2 ni baiti 288. Bado twaelea. Tukitaka wiki nzima, ni vipimo 1,008, yaani baiti 2,016, na jumla ya nafasi ni 2,048. Hapo tumezama, kwa sababu zana nyingine za programu nazo zataka zake. Lakini kwani lazima tuhifadhi sentimita? Hifadhi asilimia, 0 hadi 100. Hiyo hutosha kwenye baiti 1, na wiki nzima inakuwa baiti 1,008. Kabla ya kukimbilia bodi kubwa, jiulize kama unachohifadhi unakihitaji kwa ukubwa huo.

Ukimaliza kuandika programu, Arduino IDE yenyewe hukuonyesha hali, kwa maneno ya namna hii:

```
Sketch uses 6112 bytes (18%) of program storage space. Maximum is 32256 bytes.
Global variables use 512 bytes (25%) of dynamic memory, leaving 1536 bytes for local variables. Maximum is 2048 bytes.
```

Mstari wa kwanza ni wa programu, wa pili ni wa kufanyia kazi. Wengi hutazama wa kwanza tu, na ni wa pili unaoua. Kinachojaza nafasi hiyo bila watu kujua ni maneno. Kila sentensi unayotaka kioo au kompyuta ionyeshe hunakiliwa kwenye zile kilobaiti 2 bodi inapoamka, herufi kwa herufi. Kuizuia, ifunge hivi:

```
Serial.println(F("Tangi limejaa, pampu imezimwa"));
```

Ile F inaiambia chipu iache maneno kwenye hifadhi ya programu na iyasome kutoka huko.

Mtego mwengine ni kioo kile kidogo kinachong'aa, cha nukta 128 kwa 64. Kinapendeza kuliko kile cha mistari miwili, na kila anayeanza hukitaka. Lakini picha yake nzima lazima ikae kwenye kumbukumbu: nukta 8,192, nane kwa kila baiti, ni baiti 1,024. Nusu ya Uno imekwenda kwa kioo peke yake. Na maktaba maarufu ya kukiendesha huomba nafasi hiyo baada ya bodi kuwaka, kwa hivyo ule ujumbe wa juu hauihesabu. IDE inakwambia umetumia robo, unafurahi, unawasha, na kioo kinabaki cheusi. Ukiona hivyo, usikimbilie kurudisha kioo dukani. Punguza maneno na historia, ujaribu tena. Ama chukua kile cha mistari miwili, ambacho huweka herufi zake chenyewe.

Kasi sitaipa nafasi kubwa. Uno hupiga mapigo milioni 16 kwa sekunde. Sauti kwenda sentimita 100 na kurudi huchukua takriban mikrosekunde 5,800. Maji kupanda sentimita moja tangini huchukua sekunde kadhaa. Hakuna bodi kati ya hizi itakayochelewa.

Vifaa vya ndani ya chipu ndivyo vinavyoweza kubadilisha uamuzi. Kazi yetu haihitaji waifai. Lakini tuseme mama wa nyumba yuko dukani Makadara na anataka kuona kwenye simu yake tangi limefika wapi. Hapo mambo yamegeuka. Uno haina waifai, na kuiongezea kwa kibao cha pembeni ni gharama na usumbufu. Kwa kazi hiyo ESP32 ndiyo bodi, pamoja na kukubali rezista zake mbili na kusoma pini zake. Jiulize tu mapema: ni lazima simu ijue, au ni raha tu? Na ruta ikizima, pampu iendelee kufanya kazi au isimame? Uamuzi wa kuwasha na kuzima usiuweke mtandaoni hata siku moja. Uache kwenye bodi, na simu iwe ya kutazama.

Kitu kimoja kilicho ndani ya chipu hizi nacho watu hawakitumii ni mlinzi, kile kinachoitwa watchdog kwenye maelezo yake. Ni saa ndogo ambayo programu lazima iiguse kila baada ya muda. Ikikwama isiiguse, mlinzi huianzisha chipu upya. ATmega328P inayo, ESP zinazo. Kwenye kifaa kinachoshika pampu, kitumie.

Sasa rilei, kwa sababu hapa ndipo kuna hatari ya kweli. Pini moja ya Uno inafaa kutoa miliampea 20, na koili ya rilei ya volti 5 hutaka kama 70. Ndiyo maana tunanunua rilei iliyo kwenye kibao chenye transista yake, hatuifungi moja kwa moja. Vibao vingi vya namna hii huwaka pini ikishuka hadi sifuri, si ikipanda. Kwa hivyo utaratibu wa mistari hii miwili si wa mapambo:

```
digitalWrite(7, HIGH);
pinMode(7, OUTPUT);
```

Ukiigeuza, pini hushuka kwa muda mfupi kabla ya kupanda, na pampu hugutuka kila bodi inapoamka. Utaisikia: mlio wa "tak" kwenye rilei kila unapoiwasha.

Rilei ya buluu imeandikwa ampea 10, na pampu ya nguvu farasi moja hula kama ampea 5 ikizunguka. Inaonekana salama. Lakini mota inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi ya hizo, kwa muda mfupi, na kila mara cheche hupita kwenye vyuma vya rilei. Siku moja vyuma hushikana. Dalili ni taa ya rilei imezimika, bodi inasema pampu imezimwa, na pampu bado inanguruma. Hakuna bodi wala programu inayoweza kuzuia hilo. Rilei ndogo na iamrishe kontakta, na kontakta ndiyo ishike pampu. Upande huo wa volti 240 mwachie fundi wa umeme mwenye leseni, na swichi ya ukutani ibaki pale pale ili mtu aweze kukata kwa mkono.

Bei nimeiacha nyuma makusudi. Bei ya bodi ni kipande kidogo cha mradi. Ukijumlisha sensa, rilei, kontakta, kioo, boksi lisiloingia maji, waya wa kupanda hadi darini na chaja ya volti 5, tofauti kati ya bodi moja na nyengine hupotea humo. Pico ilipotoka Januari 2021 ilitangazwa kwa dola 4, bei ndogo kweli, lakini ukiagiza kutoka maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, ije kwa basi, gharama ya kusafirisha kibahasha kimoja ni ile ile iwe kina bodi moja au nne. Agiza vitu vyote pamoja. Na sensa nunua mbili, si bodi mbili. Mvuke wa tangini na hewa yetu ya chumvi huila sensa ya wazi kwa kutu kabla kitu kingine hakijaguswa. Ile isiyoingia maji, JSN-SR04T, hudumu zaidi, ila haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 na kitu, kwa hivyo iinue juu ya mahali maji yanapofika yakijaa, la sivyo tangi likikaribia kujaa itasoma uongo na pampu haitazimwa.

Ukinunua Uno, tafuta ile yenye chipu ndefu iliyochomekwa kwenye soketi. Ukiiunguza, unang'oa chipu peke yake na kuchomeka nyengine iliyokwisha kutiwa programu ya kuanzia. Zile za chipu ya mraba iliyolehemewa ukiunguza umetupa bodi. Bodi za bei nafuu zilizonakiliwa zafaa pia, lakini nyingi hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na kompyuta ya zamani huenda ikahitaji kuwekewa programu yake kwanza. Kama hakuna kitu kwenye menyu ya Port, badilisha kebo kabla ya yote. Kebo nyingi za majumbani ni za kuchaji tu, hazina waya za data ndani. Na ukiona haya:

```
avrdude: stk500_getsync() attempt 10 of 10: not in sync: resp=0x00
```

maana yake kompyuta inaita na bodi haijibu. Angalia kama umechagua bodi sahihi na mlango sahihi kwenye menyu, kisha toa chochote ulichofunga kwenye pini 0 na 1. Kwenye Nano, ambayo ni chipu hiyo hiyo kwa umbo dogo, mara nyingi sababu ni kuwa yataka uchague ATmega328P (Old Bootloader).

Kwa tangi letu lisilohitaji simu, bodi ni Uno ya soketi. Likihitaji simu, ni ESP32. Kabla ya kupanda darini, ijaribu mezani kwa ndoo ya maji siku mbili tatu, balbu ya kawaida ikiwa mahali pa pampu. Ichomoe umeme na kuirudisha mara ishirini, nusu boya likiwa juu na nusu likiwa chini, ukitazama balbu.